"Thanks for coming" au "thanks to come"? Mwongozo kamili wa kushukuru kwa Kiingereza bila kuteleza

Kazini mimi ndo mtu anayeletewa imeili za wenzake azipitie kabla hazijatumwa, na kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote haliko kwenye maneno magumu, liko kwenye asante. Mtu kaandika ripoti ndefu, sarufi imetulia, hesabu zimekaa sawa, halafu anafika mstari wa mwisho anaandika "Thanks to come" na pale pale msomaji anasimama. Na huyo mtu sio mzembe hata kidogo. Kosa linatoka ndani ya Kiswahili chetu, yaani unakosea kwa sababu Kiswahili chako kiko vizuri, kwa hiyo lazima tuanzie huko.

Hatua ya kwanza: ione "ku-" inavyotuchanganya

Angalia sentensi tatu. Nataka kuja. Asante kwa kuja. Kuja kwako kumetufurahisha. Neno ni lile lile, kuja, halibadiliki hata herufi moja, japo kwenye ya kwanza limefuata kitenzi na kwenye ya tatu limegeuka jina kabisa mpaka limepewa "kwako" na "kumetufurahisha". Kiswahili kinaona sawa tu, ku- moja inafanya kazi zote.

Kiingereza kinazigawa. Ya kwanza ni "I want to come". Ya pili "Thanks for coming". Ya tatu "Your coming made us happy". Sasa shuleni sisi tulikariri kwamba kuja ni "to come", kula ni "to eat", kusoma ni "to read", na hatukuambiwa kwamba hiyo ni nusu tu ya ku-, nusu nyingine ni ile ya "-ing". Ndo maana ukifika kwenye asante kwa kuja, kichwa kinachomoa "to come" bila kukuuliza.

Juu ya hapo kuna "kwa". Tunasema nimeenda kwa daktari, nimekata kwa kisu, asante kwa msaada, zote kwa. Kiingereza kina "to" kwa daktari, "with" kwa kisu, "for" kwa msaada. Kwa hiyo kwenye maneno mawili tu, "kwa kuja", kila neno lina njia zaidi ya moja, na ukichukua njia mbaya kwenye yote mawili unapata "thanks to come".

Mwenye lugha yake akiisoma hiyo anasikia nini? Kuna muundo kwenye Kiingereza wa "more to come", maana yake vingine vinakuja, au "in the years to come", miaka ijayo. Kwa hiyo "thanks to come" masikioni mwake inakaribia shukrani zijazo, kama vile unamwambia subiri ntakushukuru baadaye. Atakuelewa, ndio, ila ataelewa kwa kukukisia.

Hatua ya pili: weka kitu kwanza, kitendo baadaye

Sheria yenyewe ni fupi: baada ya "thanks" au "thank you", sababu ya kushukuru inaingia kwa "for", na kinachokaa baada ya "for" lazima kiwe kitu. Kikiwa kitu cha kawaida huna shida, "Thanks for the book", "Thank you for your help", hapo hakuna anayekosea. Shida inaanza kikiwa kitendo, na Kiingereza kinakitaka kitendo kivalishwe nguo ya kitu kwanza, na nguo yenyewe ni "-ing".

Ukiwa na wasiwasi fanya jaribio hili, mimi nalifanya mpaka leo. Ondoa kitendo, weka "this". Je, inasimama? "Thanks for this" inasimama vizuri. Basi hapo ni mahali pa kitu, na kitendo kitavaa "-ing": coming, helping, waiting, calling. Sasa jaribu "I want to this". Haisimami. Basi hapo kitendo kinabaki kitupu, "I want to come".

Jaribio hilo hilo ndo linakuokoa kwenye ule mstari ambao karibu kila barua ya shukrani unaishia nao, "I look forward to...". Watu wengi wakiona "to" wanaandika "to hear from you" moja kwa moja. Weka "this": "I look forward to this". Inasimama! Kwa hiyo "to" hii ni kihusishi kama "for", sio ile "to" inayotangulia kitenzi, na jibu ni "I look forward to hearing from you".

Kuna sura nyingine tatu za kosa hili nitazitaja haraka kwa sababu dawa ni moja. "Thanks for come", mtu kakumbuka "for" kasahau "-ing". "Thanks for to come", mtu kaweka vyote. "Thanks for you came", hii inatoka kwenye asante kwa vile umekuja, mtu anaweka sentensi nzima baada ya "for", na "for" haibebi sentensi yenye kitenzi cha wakati. Ukitaka kubakiza sentensi nzima, badilisha mwanzo: "I'm glad you came", au "I'm grateful that you came".

Na usihangaike na wakati. Wengi wananiuliza kama mtu alikuja jana si inabidi iwe "thanks for came"? Hapana. Kama vile asante kwa kuja haisemi jana wala leo, "coming" nayo haisemi. "Thank you for coming yesterday" iko sawa, na "Thank you for coming" unayomwambia mtu akiwa amesimama mlangoni nayo iko sawa.

Kukanusha je? Sisi tunaingiza "-to-" katikati: asante kwa kutonisahau. Kiingereza kinaweka "not" mbele ya "-ing" basi: "Thank you for not forgetting me". Sio "for don't forget me" wala "for forgetting not".

Hatua ya tatu: "to" ina kazi yake, ila sio hiyo

Ukishaambiwa sema "for" sio "to", unaweza ukaanza kuikimbia "to" kabisa, na hilo nalo ni kosa. "Thanks to" ipo, tena ina kazi mbili, na unazitofautisha kwa kuangalia nini kinafuata na sentensi inaendelea vipi.

Kazi ya kwanza, "to" inamtaja anayepokea shukrani. "Many thanks to the whole team for your hard work". Hapo "to" ni ya mtu na "for" ni ya sababu, na zinakaa kwenye sentensi moja bila kugombana. Hii ndo picha ya kubaki nayo kichwani: to mtu, for jambo. Ukiwa na mtu mmoja mbele yako huhitaji kumtaja, yeye anajua unaongea naye, kwa hiyo unaruka moja kwa moja kwenye "for".

Kazi ya pili haishukuru mtu lazima, inaeleza sababu tu. "Thanks to the rain, we stayed inside" maana yake kwa sababu ya mvua tulibaki ndani, na hakuna anayeishukuru mvua hapo. Ukiona "Thanks to" mwanzoni mwa sentensi, halafu koma, halafu tukio, soma "kwa sababu ya" na utakuwa sahihi. Kwa hiyo "Thanks to you, we finished early" ni bila wewe tusingemaliza mapema, ni sentensi nzuri sana ya kumpa mtu sifa yake. Lakini "Thanks to coming" ukiiacha hivo peke yake ni nusu sentensi, ni kama kusema "kwa sababu ya kuja" ukanyamaza, msomaji anabaki anasubiri kilichotokea.

Hatua ya nne: jua umeshika "thank" ipi

"Thank" bila "s" ni kitenzi, na kinamshika mtu moja kwa moja bila kihusishi. Sisi yule mtu tunamweka ndani ya kitenzi, nakushukuru, ile "ku" ya katikati ndo wewe, na Kiingereza kinamweka nje lakini hapo hapo pembeni: "I thank you". Kwa hiyo "I thank to you" haipo. Vile vile namshukuru Mungu ni "I thank God", sio "I thank to God".

"Thanks" yenye "s" ni jina, ni shukrani, wingi. Jina halimshiki mtu. Ndo maana "Thanks you" imevunjika, ni kama kusema shukrani wewe. Unachagua moja: "Thanks" au "Thank you". Na "Thanks God" inaangukia hapo hapo, inatakiwa kuwa "Thank God". Hii naiona kila wiki, hata kwa watu wanaoongea Kiingereza siku nzima.

Kwenye kukoleza, "very much" na "so much" zinakaa na zote mbili, "a lot" inakaa na "thanks" tu. Na shukrani nyingi ni "many thanks". "A lot of thanks" inaeleweka lakini hakuna anayeisema hivo.

Hatua ya tano: nani katenda?

Hapa ndo penye utamu, na ndo sehemu ambayo hata aliyemaliza hatua zote za juu anateleza.

Ukisema "Thank you for helping me", nani kasaidia? Wewe ninayekushukuru. Haijaandikwa popote ila Kiingereza kinaelewa kwamba mwenye ile "-ing" ni yule anayeshukuriwa. Ndo maana "Thank you for your coming" inasikika nzito, umemtaja mara mbili mtu ambaye tayari yupo. Acha tu "Thank you for coming". Ukiwa na jina la kawaida, "your" inarudi bila shida: "Thank you for your help".

Sasa hama kwenye "grateful". Mtu anaandika "I am grateful for helping me". Inafanana na ile ya juu si ndio? Lakini mwenye sentensi amebadilika. Kwenye "I am grateful" aliye mbele ni mimi, kwa hiyo "helping" inatafuta mtendaji, inanikuta mimi, na maana inakuwa nashukuru kwa mimi kunisaidia mimi. Dawa ni kumwingiza mtu kwa ile "to" yake: "I am grateful to you for helping me". Au geuza kitendo kiwe kitu: "I am grateful for your help".

Na ukielewa hilo utaelewa pia kwa nini "I'm grateful to be here" ni sahihi wakati "thanks to be here" sio. Kwenye "grateful", kitendo kikiwa ni changu mwenyewe, "to" na kitenzi kitupu vinaruhusiwa: "I'm grateful to have you as a friend", mwenye rafiki ni mimi. "Thanks" haina nafasi hiyo kabisa.

"Appreciate" nayo ina tabia zake mbili. Kwanza haitaki "for", inashika jambo moja kwa moja: "I appreciate your help", kamwe sio "I appreciate for your help". Kosa hili linatoka kwenye "nashukuru kwa", unaona kwa unaweka "for". Pili, ukitaka kuomba kwa heshima kuna neno dogo watu wanalidondosha: "I would appreciate it if you could call me". Ile "it" lazima iwepo, kwa sababu "appreciate" haikai bila kushika kitu.

Hatua ya sita: vineno vinavyofuata baada ya "-ing"

Umepita "for" salama, umeweka "-ing", bado kuna kihusishi kingine kinakusubiri mbele, na hiki kinategemea kitenzi chenyewe. Siwezi kuvitaja vyote na sio lazima, ila kuna mchezo mmoja ukiujua unapunguza makosa mengi sana: kitendo na jina lake mara nyingi havitumii kihusishi kimoja.

"Thank you for answering my question". Hakuna "to". Geuza iwe jina: "Thank you for your answer to my question". "To" imeingia. Fanya na kutembelea: "Thank you for visiting our office", halafu "Thank you for your visit to our office". Kitenzi kinashika chenyewe, jina linahitaji kamba ya kufungia. Ndo maana watu wanaandika "answering to my question" na "visiting to us", wamebeba kamba ya jina wakaifunga kwenye kitenzi. "Calling" nayo haitaki, "Thanks for calling me". "Contacting" haitaki, "attending" haitaki, "Thank you for attending the meeting".

Ila "reply" ni mkaidi, yeye ana "to" kote: "Thank you for replying to my email", "Thank you for your reply to my email". "Listen" pia, "Thank you for listening to me". Na "wait" ina "for" yake, kwa hiyo usishtuke ukiona mbili kwenye mstari mmoja, "Thank you for waiting for me", ya kwanza ni ya asante, ya pili ni ya kusubiri, zote zinabaki.

Majina machache ya kushika maana yanarudi kila siku: help with the report, interest in our work, advice on the budget, invitation to the party. Na "advice" haina wingi, "thanks for all the advices" futa "s".

Sasa tuishike meseji moja tuinyooshe

Hii nimeiunda kwa makosa yale ninayoletewa. Mtu alimwalika mgeni afundishe timu yake siku moja, kesho yake anamwandikia:

> Thanks to come yesterday. I thank to you for your advices. I appreciate for answering to all our questions. We are grateful for helping us. Thanks God we finished on time. Thank you for don't lose patience with us. We look forward to see you again.

Mstari wa kwanza: "this" inakaa, kwa hiyo ni "for" na "-ing", Thank you for coming yesterday. Nimeweka "thank you" badala ya "thanks" kwa sababu ni mgeni na ni barua ya kazi, "thanks" ni ya watu waliozoeana.

Wa pili, "thank" imeshika mtu, "to" inatoka, "advices" inapoteza "s". Lakini "I thank you" yenye "I" kwenye barua inasikika kama hotuba, kwa hiyo Thank you also for your advice, na ni vizuri kusema ushauri wa nini, on the budget, maana shukrani isiyotaja jambo inaonekana imenakiliwa mahali.

Wa tatu una makosa mawili, "for" baada ya "appreciate" na "to" baada ya "answering". Ukizitoa unabaki na "I appreciate answering all our questions", na hapo mtendaji amegeuka kuwa mimi, lile tatizo la hatua ya tano. Kwa hiyo mtaje: I appreciate the way you answered all our questions.

Wa nne, mtu hayupo, mrudishe: We are grateful to you for helping us.

Wa tano ingebidi umuulize mwandishi kwanza, maana sarufi peke yake haiwezi kujibu. "Thank God we finished on time" ni sahihi kabisa, ila ni pumzi ya afadhali tumepona, na mgeni anaweza kuisoma kama vile alikuwa anatuchelewesha. Tuseme alichotaka kusema ni kwamba mgeni ndiye aliyefanya wamalize. Basi hiyo ni "to" ya sababu: Thanks to you, we finished on time.

Wa sita, "not" mbele ya "-ing", na "lose" ikivaa "-ing" inaacha "e" yake: Thank you for not losing patience with us. "Come" nayo inaacha "e", coming, yenye "m" moja, sio comming. Wengine wanaongeza herufi, "let" inakuwa letting, "forget" inakuwa forgetting.

Wa mwisho, "look forward to this" inasimama, kwa hiyo We look forward to seeing you again.

Ukiisoma nzima utaona "thank you" zimekuwa tatu na "thanks" moja kwenye aya fupi, na hapo mimi ningefuta ile ya "not losing patience", maana imebeba lawama kidogo kwa timu yako mwenyewe, na ile ya "Thanks to you, we finished on time" imeshasema jambo lenyewe vizuri zaidi.